Nyavu 90 au nyavu 150: jinsi ya kupima uvuvi wa kupita kiasi katika ghuba ya wavuvi watano

Ukitaka kujua kama ghuba yenu inavuliwa kupita kiasi, usianze na mizani ya ufuoni. Katika mfano tutakaoukokotoa hapa, wavuvi watano wanaoshindana wanaleta bandani kilo 225 za ngege kila usiku, na mtu mmoja ambaye angeimiliki ghuba hiyo yote peke yake angeleta kilo 225 zilezile. Karani anayeandika kilo tu angeapa kwamba hakuna tofauti. Tofauti iko majini: watano hao wametega nyavu 150, ilhali mwenye ghuba mmoja angetega 90. Nyavu 60 zinalala majini, zinachakaa na kula mafuta ya injini, wala haziongezi samaki hata mmoja.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuifikia hesabu hiyo kwa daftari na kalamu, jinsi ya kujua kila mvuvi anajali nini anapoamua idadi ya nyavu zake, na mahali ambapo makubaliano ya kupunguza nyavu huvunjika. Wanauchumi huyaita mashindano ya namna hii mchezo wa kiasi: kila mchezaji anachagua kiasi chake bila kuamriwa na mwenzake, na matokeo ya kila mmoja yanategemea jumla ya viasi vyote. Mfaransa Augustin Cournot aliutunga mwaka 1838 kwa mfano wa wauzaji wawili wa maji ya chemchemi, na mwaka 1954 Mkanada Scott Gordon akaonyesha kwa nini uvuvi usio na mwenyewe humaliza faida yake wenyewe. Mfano wetu ni ghuba ndogo ya kubuni upande wa Kisumu, yenye wenye mitumbwi watano wanaotumia nyavu za kutega za aina moja. Tarakimu zake nimezichagua ili zigawanyike vizuri. Za kwenu mtazipata kwa hatua zilezile.

Hatua ya kwanza: tafuta wavu mmoja unapoteza nini nyavu zinapoongezeka

Daftari la ufuo likiandika kilo peke yake halitakufaa. Kila asubuhi andika mambo mawili: jumla ya nyavu zilizolala majini usiku huo, na jumla ya kilo zilizopandishwa. Ukigawanya cha pili kwa cha kwanza unapata kilo kwa wavu, na hiyo ndiyo tarakimu inayosema ukweli.

Tuseme daftari linaonyesha kwamba usiku wa nyavu 60 kila wavu ulitoa wastani wa kilo 3, na usiku wa nyavu 150 kila wavu ulitoa kilo 1.5. Nyavu zimeongezeka kwa 90 na mavuno ya kila wavu yameshuka kwa kilo moja na nusu, yaani kila wavu mpya unaoingia majini unapunguza mavuno ya kila wavu mwingine kwa sehemu moja ya 60 ya kilo. Ukirudi nyuma hadi kusiwe na nyavu kabisa, unapata kwamba wavu wa kwanza ungetoa karibu kilo 4. Tukiita jumla ya nyavu X, basi:

```
kilo kwa wavu = 4 - X/60
```

Hapa ndipo wengi hukosea, na kosa lenyewe halionekani kwa macho. Wavuvi hawatoki kwa bahati nasibu. Hutoka wengi wanaposikia kwamba samaki wamekaribia, na hubaki nyumbani samaki wakiadimika. Kwa hiyo usiku wenye nyavu nyingi mara nyingi ndio uliokuwa na samaki wengi, na ukilinganisha usiku wowote na usiku wowote utaona kana kwamba nyavu nyingi hazina madhara. Dawa yake ni kutafuta siku ambazo mitumbwi ilibaki ufuoni kwa sababu isiyohusu samaki: kulikuwa na matanga kijijini, mafuta yalikosekana, au kulikuwa na msako wa nyavu haramu. Siku za namna hiyo zilinganishe na siku za kawaida za juma lilelile na mwezi wa angani uleule, kwa kuwa usiku wa mbalamwezi na usiku wa giza haviwekwi kwenye mizani moja.

Hatua ya pili: geuza kilo ziwe faida

Chukua bei ya ufuoni. Katika mfano wetu ni shilingi 300 kwa kilo, na kwa kuwa ghuba hii ni ndogo ikilinganishwa na samaki wote wanaoingia sokoni Kisumu, tutaichukulia bei kuwa haibadiliki hata watano hawa wakivua zaidi au pungufu. Kisha tafuta gharama ya kulaza wavu mmoja majini usiku mmoja: mafuta, chakula cha vibarua, malipo yao, na kuchakaa kwa wavu wenyewe. Tuseme ni shilingi 300. Vibarua wakilipwa kwa mgawo wa samaki, usidanganyike kwamba kazi yao ni ya bure. Andika kile ambacho wangelipwa kwa kibarua kingine siku hiyo.

Wavu unaoanza na kilo 4 ni sawa na shilingi 1,200, na kila wavu wa ziada majini unapunguza sehemu moja ya 60 ya kilo, yaani shilingi 5. Toa gharama ya 300 na unabaki na mstari mmoja utakaoutumia mpaka mwisho:

```
faida ya wavu mmoja = 900 - 5X
```

Mstari huu unaonyesha moja kwa moja kikomo cha ziwa lisilo na mwenyewe. Kama kila anayetaka anaweza kuingia, watu wataendelea kuingia maadamu wavu mmoja bado unaleta faida, na watakoma X ikifika 180, ambapo kila wavu unatoa kilo moja inayolipa gharama yake tu. Kilo 180 zinafika bandani, na hakuna hata mmoja aliyetajirika.

Hatua ya tatu: andika kanuni ya mvuvi mmoja, kisha ya mwenye ghuba

Jiweke ndani ya mtumbwi wa mmoja wa watano hao. Tayari una nyavu kadhaa, tuziite x, na mkononi una mmoja zaidi. Ukiutega, unapata faida ya wavu huo, yaani 900 − 5X. Lakini kila wavu wako mwingine utapoteza shilingi 5, kwa hiyo unapoteza 5x. Utaendelea kuongeza nyavu mpaka mambo hayo mawili yalingane:

```
900 - 5X = 5x
```

Kwa kuwa watano wanafanana, X ni sawa na 5x, na hesabu inatoa x = 30. Jumla ni nyavu 150, kila wavu unaleta faida ya shilingi 150, na kila mvuvi anarudi nyumbani na shilingi 4,500. Hali hii huitwa msawazo wa Nash: hakuna hata mmoja ambaye angefaidika kwa kubadilisha idadi yake peke yake huku wenzake wakibaki walivyo.

Sasa mwondoe mvuvi, umweke mwenye ghuba mmoja. Kanuni yake ni ileile kabisa, isipokuwa kwamba nyavu zote ni zake, kwa hiyo shilingi 5 zinazopotea kwa kila wavu zinatoka mfukoni mwake zote:

```
900 - 5X = 5X
```

Jibu ni X = 90. Kila wavu unaleta faida ya 450, na ghuba nzima inaleta shilingi 40,500 kwa usiku, wakati watano walikuwa wakipata 22,500 kwa jumla. Pengo la shilingi 18,000 ni gharama ya zile nyavu 60 tu, kwa sababu nyavu 90 zinazotoa kilo 2.5 na nyavu 150 zinazotoa kilo 1.5 zote zinafikisha kilo 225.

Mwenye ghuba hamshindi mvuvi kwa wema wala kwa kuona mbali. Amemzidi kwa kitu kimoja tu, kwamba hasara ya wavu wa mwisho haina jirani wa kumwangukia. Utazame wavu wa mwisho wa mvuvi wetu pale nyavu zilipofika 150. Unampa shilingi 150, na unamla shilingi 150 kwenye nyavu zake 30, basi kwake yeye ni sawasawa. Lakini zile nyavu 120 za wenzake kila mmoja umepoteza shilingi 5, ambazo jumla yake ni 600. Shilingi 600 hizo haziandikwi katika daftari lake. Kama kuna tarakimu moja ya kuibandika ukutani mwa banda, ni hiyo.

Idadi ya wavuvi ikibadilika hamna haja ya kuanza upya. Wavuvi n wanaofanana watatega kwa jumla:

```
X = 180 × n/(n + 1)
```

Wawili watatega 120 na kupandisha kilo 240, ambazo ndizo nyingi kuliko zote ghuba hii inaweza kutoa kwa usiku. Tisa watatega 162 na kupandisha kilo 210 na ushei. Hapa ndipo ziwa linapoachana na chemchemi za Cournot. Kwake yeye, kila muuzaji anayeongezeka huongeza maji sokoni na mnunuzi hushangilia. Ziwani, akina mama wanaosubiri samaki ufuoni wanafaidika mvuvi wa pili anapoingia, lakini kuanzia wa tatu kila anayeongezeka anawapunguzia samaki. Hivyo usikubali hoja kwamba ushindani ni mzuri kwa mlaji bila kuuliza kwanza mko upande gani wa nyavu 120.

Mmiliki pekee huyu asichanganywe na mtu aliyehodhi soko. Yeye anauza kwa bei ileile ya 300, na anapunguza nyavu kwa sababu ya samaki tu. Kama angekuwa pia ndiye muuzaji pekee, angepunguza zaidi ili bei ipande, na kipimo chenu kingekuwa kimeharibika. Ghuba kubwa inayolisha mji mzima inahitaji hesabu hizo mbili zitenganishwe.

Hatua ya nne: pima kishawishi kabla ya kuitisha mkutano

Watano wakikubaliana kugawana nyavu 90, kila mmoja atatega 18 na kupata shilingi 8,100, karibu mara mbili ya 4,500. Ukiandika hivyo ubaoni watu watapiga makofi. Subiri.

Mzee mmoja wa ufuo aliwahi kuniuliza swali ambalo lilinifanya nirudi kwenye daftari: "Mwalimu, mimi nikipunguza, hawa vijana si wataongeza?" Nilimjibu, "Wataongeza, mzee, na hesabu iko upande wako." Mvuvi mmoja akishuka peke yake kutoka 30 hadi 18, wenzake wanne, kwa kufuata kanuni ileile ya hatua ya tatu, watapanda hadi nyavu 32 na kidogo kila mmoja. Yeye ameondoa nyavu 12. Wenzake wamerudisha karibu 10. Ghuba imepata nafuu ya nyavu mbili na nusu hivi, na mapato yake yameshuka kutoka 4,500 hadi kama 2,900. Anayewahimiza wavuvi wajizuie mmoja mmoja anawaomba wapate hasara kwa manufaa ya jirani.

Sasa angalia upande wa pili. Wote wamekubali 18, na mmoja anafikiria kuvunja ahadi usiku. Nyavu za wenzake wanne ni 72. Kanuni inamwambia atege 54. Jumla inakuwa 126, kila wavu unaleta 270, naye anapata shilingi 14,580, yaani 6,480 zaidi ya alizopata kwa uaminifu. Kila mmoja wa wenzake anashuka kutoka 8,100 hadi 4,860. Ameongeza 6,480 kwake kwa kuwaondolea wanne hao 12,960.

Kama wenzake watagundua asubuhi yake na wote warudi kwenye nyavu 30, msaliti atakuwa anapoteza shilingi 3,600 kila usiku, na katika usiku wa pili ile ziada yake itakuwa imeshaliwa. Lakini wasipogundua kwa siku 30, atakuwa amekusanya 194,400, na itawachukua siku 54 za kurudi kwenye fujo kumrejesha alipokuwa, huku wao wenyewe wakiumia kila usiku pamoja naye. Kwa hiyo swali la kuulizwa na kamati ya usimamizi wa ufuo, ile ambayo watu wote huiita BMU, linatangulia lile la ukubwa wa faini: itachukua siku ngapi kujua kwamba fulani ana nyavu 54? Nyavu hutegwa jioni na kutegwa mbali. Kitu kinachosaidia ni kuhesabu nyavu zikiwa zinapandishwa kwenye mtumbwi, kila kipande kikiwa na lakiri au boya lenye rangi ya mwenyewe, na wavu usio na rangi kuchukuliwa hapohapo. Kuhesabu samaki alfajiri hakutoshi, maana samaki wa ziada huuzwa katika ufuo mwingine kabla jua halijachomoza.

Angalia pia kinachohesabiwa. Mkihesabu vipande vya nyavu, watu wataunganisha vipande viwili na kuviita kimoja, au watashona wavu wenye kina kirefu zaidi, au macho yake yatapungua. Ishara ni kwamba idadi ya nyavu daftarini imetulia lakini kilo kwa wavu zinapanda bila sababu ya msimu. Pima urefu kwa pima, na kina kwa macho ya wavu.

Hatua ya tano: kama mnapendelea ada kuliko mgawo

Njia nyingine ni kutoza kila wavu kwa usiku, ili ile hasara inayomwangukia jirani imrudie mtegaji. Kwa watano hawa, ada inayoshusha nyavu hadi 90 ni shilingi 360 kwa wavu, ikiwa fedha hizo zinatumika kwa jambo ambalo mvuvi halioni kama mapato yake, tuseme mshahara wa walinzi. Ihakiki: faida ya wavu sasa ni 540 − 5X, kanuni ya mvuvi inatoa x = 18. Ada hiyo ni kubwa kuliko gharama ya kuvua yenyewe, jambo linaloonyesha kwa nini ada ndogo za kila mwaka zinazolipwa kwa mtumbwi, hata uwe na nyavu ngapi, hazibadilishi chochote majini.

Wavuvi, kwa haki, watataka fedha zao zirudi. Zinaweza kurudi, lakini jinsi ya kuzirudisha hubadilisha ada. Mkizigawa sawa kwa vichwa vitano, kila mtegaji anajua kwamba sehemu ya tano ya ada yake itamrudia, kwa hiyo 360 humuuma kama 288 na nyavu zitazidi 90. Lazima ada ipande hadi 450, ambayo ukiondoa sehemu ya tano inabaki 360. Kwa ada hiyo kila wavu hauleti faida yoyote ufuoni, shilingi 40,500 zote zinaingia kwenye sanduku, na kila mtu anapokea 8,100. Mkizigawa kwa kufuata idadi ya nyavu, mmejirudisha mwanzo, kwa sababu kila wavu unarudishiwa chote ulicholipa.

Hatua ya sita: hakikisha wachezaji ni watano kweli, na kwamba 4 bado ni 4

Kilo 4 za wavu wa kwanza tumezichukulia kuwa hazibadiliki. Ni sahihi kwa hesabu ya msimu mmoja, si kwa miaka. Ngege wakivuliwa kabla ya kuzaa, tarakimu hiyo yenyewe inashuka mwaka hata mwaka, na pengo kati ya watano na mmiliki linapanuka kuliko tulivyoona, kwa kuwa leo yao inakula kesho yao. Ziwa Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru, lilifungwa kwa uvuvi mwaka 2001 kwa muda wa mwaka mmoja ili samaki warudi. Kupunguza nyavu pole pole hakungetosha tena. Kwa hiyo rudia hatua ya kwanza kila msimu. Ukiona kwamba kwa nyavu zilezile 60 kila wavu sasa unatoa kilo 2 badala ya 3, acha mstari wa zamani. Samaki wenyewe wamepungua.

Idadi ya wachezaji ndiyo inayoangusha makubaliano mengi mazuri. Samaki wa Ziwa Viktoria hawaheshimu mpaka wa ufuo wala wa nchi. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya eneo la ziwa hilo, na Uganda na Tanzania zinagawana linalobaki. Tuseme watano wetu wamefaulu, nyavu ni 90, na kila wavu unaleta 450. Habari hiyo husafiri haraka. Anakuja wa sita kutoka ufuo wa jirani, ambaye hakuwa mkutanoni na hakuahidi kitu. Kanuni inamwambia atege 45. Jumla inakuwa 135, kila wavu unaleta 225, yeye anaondoka na shilingi 10,125, na kila mmoja wa watano waaminifu anabaki na 4,050. Linganisha na zile 4,500 walizokuwa wakipata walipokuwa wakishindana bila mpango wowote: wameshika ahadi yao barabara, na bado wako chini ya pale walipoanzia. Kamati inayotaka kuanzia kwenye mgawo wa nyavu 18 inapaswa kwanza kwenda na mtumbwi mpaka kwenye mpaka wa maji yake, ikutane na kamati ya ufuo wa pili, na kuandika kwa majina ni nani anaruhusiwa kutega upande upi, kabla mtu yeyote hajaombwa kutoa wavu wake majini.